Somo: Kuomba mchango wa zawadi darasani bila kumbana mtu

Tuchukue mfano wa darasa moja hapa Lamu. Mwalimu anastaafu na wanafunzi wake wa zamani wanataka kumpa kofia ya kushonwa kwa mkono na kikoi.

Kwanza, ulizeni bei dukani kabla ya kuomba hata senti. Kofia za mkono hazina bei moja, na ujumbe usiotaja jumla humwacha mtu akikisia anatarajiwa kutoa ngapi.

Pili, msitumie kundi la darasa. Kinachowabana watu ni ile orodha inayopandishwa kila jioni, fulani 1,000, fulani 500, na nafasi tupu mbele ya jina lako. Tumieni orodha ya matangazo ya WhatsApp: kila mtu anaupata ujumbe peke yake, na akijibu, jibu lake linaonwa na aliyetuma tu. Ila haumfiki asiyeihifadhi namba ya mtumaji, kwa hivyo hao waandikieni mmoja mmoja, maneno yale yale.

Tatu, andikeni hivi:

“Asalaam alaykum. Mwalimu wetu anastaafu mwisho wa mwezi. Tunataka kumnunulia kofia na kikoi, jumla shilingi 6,000. Anayependa kuchangia atume chochote kwa M-Pesa, namba hii hii, kabla ya Alhamisi saa mbili usiku. Hakuna kiwango, na majina ya waliotoa hayatatangazwa. Kadi itakuwa ya darasa zima. Pesa zikipungua tutanunua kofia peke yake. Zikizidi, tutamtilia kwenye bahasha. Si lazima kujibu.”

Sentensi ya kupungua msiiondoe. Bila hiyo, asiyekuwa nacho ataona yeye ndiye aliyeiharibu zawadi. Na msiandike “hata mia tu”: mnadhani mnapunguza, kumbe mmeshaweka kiwango.

Nne, kumbusheni mara moja, siku moja kabla ya mwisho, kwa orodha ile ile nzima. Mkiwakumbusha ambao hawajatuma pekee, watajua mnawahesabu.

Maswali ya wanachama

*Majina yasipotajwa, tutajuaje pesa hazikuliwa?*
Watu wawili waone taarifa ya M-Pesa, si mweka hazina peke yake. Kisha tangazeni jumla iliyoingia, bei ya vitu, na picha ya risiti.

*Kaka mmoja ametangaza kwenye kundi kwamba ametoa 2,000, na wengine wameanza kumfuata. Tufanyeje?*
Mpigieni, msimjibu pale pale. Mwambieni mmepokea, mnashukuru, na mnamwomba aufute ujumbe wake. Mara nyingi huwa hakukusudia ubaya.

*Mimi sikuchanga. Nikija siku ya kumkabidhi si nitaonekana mdoezi, dada?*
Njoo, na kadi utie sahihi. Ndiyo maana inapitishwa kwa wote kabla ya Alhamisi, pesa zikiwa bado zinaingia, ili sahihi isionekane kuwa ni ya waliolipa.