Namna ya kukusanya majina ya rangi uwandani na kuyapima dhidi ya dai la Berlin na Kay

Mwaka 1969 wanaanthropolojia Brent Berlin na Paul Kay walitoa hoja kwamba lugha zote huchota istilahi zao za msingi za rangi, yaani majina makuu ambayo kila msemaji anayajua, katika kundi moja la rangi 11, na kwamba huziongeza kwa utaratibu unaokaribia kufanana: nyeusi na nyeupe kwanza, kisha nyekundu, kisha kijani au manjano, halafu bluu, halafu kahawia, na mwishoni zambarau, waridi, chungwa na kijivu. Walichunguza lugha 20 kwa kuwahoji wasemaji, na kwa nyingi kati ya hizo msemaji alikuwa mkazi wa eneo la San Francisco aliyejua pia Kiingereza. Lugha nyingine 78 walizipata katika maandishi. Somo hili linamhusu mwanafunzi anayekwenda kwenye jamii ndogo kulipima dai hilo, na msisitizo wangu ni mmoja: kuhesabu majina hakutoshi, ni lazima kujua majina hayo yanaenea wapi na yanakomea wapi.

Hatua ya kwanza: sikiliza kabla ya kuonyesha chochote

Kaa na watu wanaponunua mifugo, wanapochagua viazi, wanapoeleza ndege aliyepita, na uandike kila neno pamoja na kitu kilichokuwa kikizungumziwa. Usiulize bado "hii ni rangi gani", kwa sababu huenda lugha haina neno linalomaanisha rangi, na swali lako litakuwa limeshawafundisha watu kugawa vitu kwa namna yako. Harold Conklin alifanya kazi ya aina hii miongoni mwa Wahanunoo wa kisiwa cha Mindoro, Ufilipino, na mwaka 1955 akaonyesha kwamba maneno yao manne makuu yanahusu weusi na weupe, lakini pia ubichi na ukavu. Kipande cha mwanzi kilichokatwa punde, cha kahawia lakini kinachong'aa kwa majimaji, huitwa *malatuy*, neno lile lile la majani mabichi. Mtu aliyeanza na karatasi za rangi asingeweza kuliona hilo, kwa sababu karatasi zote ni kavu.

Hatua ya pili: onyesha vibao, kimoja kimoja

Vibao vya rangi vinavyotumika zaidi ni vya mfumo wa Munsell, unaopanga rangi kwa aina, ung'avu na ukolevu. Uchunguzi wa Rangi Duniani, ulioanza mwaka 1976 na kufikia lugha 110 zisizo na mapokeo ya maandishi, ulitumia vibao 330: 320 vyenye rangi, katika safu 40 kwa viwango 8 vya ung'avu, na 10 vya kutoka nyeupe hadi nyeusi. Kaeni kivulini penye mwanga wa mchana, wala si chini ya taa. Vionyeshe kwa mpangilio uliochanganywa, mhojiwa akiwa peke yake, maana jirani akisikia jibu, utapata makubaliano ambayo hayakuwapo. Kabla ya hapo pima kama mhojiwa anaona rangi zote. Vipimo vya Ishihara vina kurasa za kufuata mstari kwa kidole, ambazo hazihitaji mtu ajue kusoma tarakimu.

Baada ya vibao vyote kupewa majina, tandaza ubao mzima wenye vibao vyote na umwombe aonyeshe kibao kilicho mfano bora wa kila neno. Hapa pana hitilafu inayojulikana: vibao vya ubao huo havilingani kwa ukolevu, na sehemu ya nyekundu ina vibao vilivyokolea kuliko sehemu nyingine nyingi. Watu wakikubaliana kuhusu nyekundu bora, huenda wanachagua tu kibao kinachovuta jicho.

Hatua ya tatu: andika ukimya

Hatua hii ndiyo hurukwa mara nyingi, na ndiyo ninayoijali kuliko zote. Mhojiwa akisita, akisema "sijui", akitunga maelezo marefu papo hapo, au akitaja kitu badala ya neno, andika hivyo hivyo. Usimshikilie mpaka atoe neno moja.

Chukua mfano wa kisiwa cha Rossel, mashariki ya mbali ya Papua New Guinea, ambako Stephen Levinson alichunguza lugha ya Yélî Dnye na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Maneno yanayoweza kudai nafasi ya istilahi za msingi ni matatu, na kila moja ni jina la kitu lililorudiwa: *kpaapîkpaapî*, nyeupe, kutoka jina la kasuku mweupe, *kpêdêkpêdê*, nyeusi, kutoka jina la mti, *mtyemtye*, nyekundu, kutoka jina la kasuku mwekundu. Ukihesabu tu, utaona nyeupe, nyeusi na nyekundu, na utaiweka lugha hii katika hatua ya pili ya utaratibu wa Berlin na Kay, ile ya kuongeza nyekundu, bila wasiwasi. Lakini nadharia ilitaka maneno hayo matatu yagawane ubao wote. Huko Rossel hayakufanya hivyo: sehemu kubwa ya ubao ilibaki bila jina ambalo watu wanakubaliana nalo, na wahojiwa walijaza pengo kwa maelezo ya kubuni, kila mtu kwa namna yake. Idadi ililingana na nadharia, uenezi haukulingana.

Kay mwenyewe, pamoja na Luisa Maffi, walikuwa wameshakubali mwaka 1999 kwamba huenda si kila lugha ina maneno yanayogawana rangi zote. Naliona hilo kuwa badiliko kubwa kuliko linavyosemwa kwa kawaida.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kiswahili kina -eusi, -eupe na -ekundu zinazopokea viambishi vya ngeli, ilhali nyingine tunasema "ya kijani", "ya manjano". Je, huu si ushahidi wa utaratibu ule?

Jibu: Marahaba. Ni ushahidi mzuri wa mpangilio wa msamiati, na Kiswahili kilikuwamo katika zile lugha 20. Lakini vigezo vya Berlin na Kay vinatilia shaka jina ambalo bado ni jina la kitu, na kwa kigezo hicho manjano na zambarau zinapata mashaka. Kigezo hicho hicho kingefuta maneno yote matatu ya Rossel. Ukikitumia, kitumie kwa lugha zote.

Swali: Lugha 110 hazitoshi kumaliza ubishi?

Jibu: Zinasaidia sana. Kay na Terry Regier walionyesha mwaka 2003 kwamba vitovu vya majina, yaani wastani wa vibao vilivyopewa jina moja, katika lugha hizo hukusanyika karibu karibu kuliko ambavyo bahati ingefanya. Mimi nakubali matokeo hayo. Hata hivyo, kitovu ni wastani, na hesabu yake haimwonyeshi mtu aliyesita. Vilevile, mkusanyiko wa vitovu hauthibitishi kwamba mipaka imo jichoni. Debi Roberson na wenzake walikwenda kwa Waberinmo wa Papua New Guinea, wenye istilahi tano, ambao hawatenganishi kijani na bluu bali wana mpaka wao kati ya *nol*, linalohusu kijani na bluu pamoja, na *wor*, linaloelekea manjano. Waberinmo walikumbuka vizuri zaidi rangi zilizotenganishwa na mpaka huo, na mpaka wa kijani na bluu haukuwasaidia. Kwa Waingereza ilikuwa kinyume chake.

Swali: Nina wahojiwa sita tu. Nifanye nini?

Jibu: Toa matokeo ya kila mmoja kwa ubao wake, bila kupiga wastani, na vibao visivyo na jina viachwe vyeupe kwenye mchoro.