Somo: Kupima urefu wa mlingoti wa bendera kwa kioo kilicholazwa chini

Swali hili limeulizwa tena na tena, na kila mara najibu vipande vipande. Leo naliandika lote mahali pamoja ili ajaye aelekezwe hapa.

Njia yenyewe inasimama juu ya jambo moja. Mwanga ukigonga kioo bapa, unaondoka kwa pembe ileile uliyokuja nayo. Kwa hiyo kioo kikiwa kimelala sawasawa kati yako na mlingoti, nawe ukaona ncha ya mlingoti ndani yake, zinapatikana pembetatu mbili zinazofanana: kubwa ni ya mlingoti, ndogo ni ya mwili wako kutoka jichoni hadi chini. Zote zina pembe mraba, na pembe zao za kwenye kioo ni sawa. Ukizijua pande mbili za ile ndogo na upande mmoja wa ile kubwa, umeupata urefu.

Vifaa: kioo bapa cha sentimita 20 hivi, tepu, pimamaji, uzi, na kalamu ya wino mzito. Kioo cha kunyolea chenye kukuza sura hakifai, kwa sababu kimebonyea.

Hatua ya 1. Chora msalaba katikati ya kioo.

Hatua ya 2. Pima kimo cha jicho lako. Simama wima karibu na ukuta ukiwa na viatu utakavyovaa kazini, mwenzako aweke alama usawa wa jicho. Ni jicho, si utosi.

Hatua ya 3. Laza kioo chini, mbali kidogo na mlingoti. Ukikadiria kwa macho kuwa mlingoti una mita 9 au 10, kiweke mita 9 au 10 kutoka shinani. Sababu nitaieleza mbele.

Hatua ya 4. Sawazisha kioo. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo tulieni.

Mara ya kwanza nilikiweka kioo juu ya ardhi iliyofagiwa, nikaona kimetulia, nikapima. Jibu likatoka mita 8.86, nami nikaliandika. Baadaye mlingoti ulilazwa ili upakwe rangi, tepu ikapitishwa juu yake kutoka shinani hadi nchani, ikasoma mita 9.50. Nilirudia hesabu mara tatu na haikuwa na kosa. Ndipo nikarudi pale palepale, nikalaza kioo na kuweka pimamaji juu yake. Povu lilikimbilia upande wa mlingoti. Nikainua kioo: chini ya ukingo ule kulikuwa na kokoto dogo, unene wake milimita tatu na nusu hivi.

Milimita tatu na nusu chini ya kioo cha sentimita 20 ni mwinamo wa digrii 1. Lakini kioo kikiinama digrii 1, mwanga unaotoka humo unageuka digrii 2, kwa sababu pembe ya kuja na pembe ya kuondoka zinaguswa zote mbili. Kwangu ilinisogeza sentimita 10 tu kutoka pale nilipopaswa kusimama, na hizo 10 zikala sentimita 64 za mlingoti.

Basi yashikeni haya. Ukingo wa upande wa mlingoti ukiinuka, mlingoti utatoka mfupi kuliko ulivyo. Ukingo wa upande wako ukiinuka, utatoka mrefu mno. Kioo kikiinama kulia au kushoto utagundua mapema, kwa sababu mlingoti, kioo na wewe mkiwa mstari mmoja, ncha itaonekana pembeni ya msalaba. Mwinamo wa mbele na nyuma haujionyeshi hata kidogo. Unauona kwa pimamaji peke yake. Iweke kwa urefu na kwa upana wa kioo, kisha igeuze kichwa mkiani: povu likirudi palepale katikati, kifaa chako ni kizima. Panapoinama, pachika vipande vya karatasi chini ya kioo hadi povu litulie.

Hatua ya 5. Rudi nyuma polepole ukiwa upande wa pili wa kioo, fumba jicho moja, shingo wima, macho tu yashuke. Simama ncha ya mlingoti inapokaa juu ya msalaba. Jua likiwa upande uleule wa ncha, acha, subiri lihame. Kioo kitakurushia jua lote jichoni.

Hatua ya 6. Pima kutoka msalabani hadi chini ya jicho lako, si hadi vidole vya miguu. Kisha pima kutoka msalabani hadi katikati ya shina la mlingoti.

Hatua ya 7. Hesabu.

```
urefu = kimo cha jicho × (kioo hadi mlingoti) ÷ (kioo hadi chini ya jicho)
```

Kwa mlingoti wangu, baada ya kuondoa kokoto: jicho mita 1.52, kioo hadi mlingoti mita 9.00, kioo hadi chini ya jicho mita 1.44. Mara 1.52 kwa 9.00 ni 13.68. Gawanya kwa 1.44, unapata 9.50.

Sasa ile sababu ya hatua ya 3. Kosa la mwinamo linadhuru kidogo kuliko kwingine kote pale mwanga unapopanda kwa digrii 45, yaani kioo kikiwa mbali na mlingoti sawa na urefu wake. Hata hapo, digrii 1 inakula kama asilimia 7 ya jibu. Ukikiweka kioo karibu sana na mlingoti au mbali sana, inakula zaidi. Alama ya kujua uko pazuri: umbali wako kutoka kioo unakaribiana na kimo cha jicho lako. Ukijikuta umesimama nusu mita tu kutoka kioo, kisogeze mbali na mlingoti, uanze upya.

MASWALI

Swali: Mkuu, njia hii haifanyi kazi. Jicho 1.60, mlingoti 8, mimi 1.25. Nimepata mita 0.25!

Jibu: Umegeuza. Umezidisha kwa 1.25 ukagawanya kwa 8. Soma hatua ya 7. Jibu lako ni mita 10.24.

Swali: Kwa nini tuhangaike na kioo wakati kivuli kinatosha?

Jibu: Kivuli kinatosha jua likiwepo na kivuli chote kikilala mahali pa tambarare. Siku ya mawingu huna kivuli. Isitoshe, ncha ya kivuli cha mlingoti mrefu huwa na ukungu, hujui kinaishia wapi. Sikusema kivuli ni kibaya. Somo hili ni la kioo.

Swali: Samahani mwalimu, je, ukubwa wa kioo unabadilisha jibu? Na je, naweza kutumia maji badala ya kioo? Nimewaza kwamba maji hujisawazisha yenyewe.

Jibu: Umewaza vizuri sana, dada. Ukubwa haubadilishi jibu, kwa sababu unatumia nukta moja tu, msalaba. Ila kioo kikubwa ni rahisi kukisawazisha: kokoto lilelile chini ya kioo cha sentimita 40 linaleta nusu ya mwinamo.

Maji ni bora kuliko kioo kwa jambo hilihili lililonishinda mimi. Chukua beseni lenye sakafu nyeusi, au lipake masizi ndani, ulijaze karibu na ukingo. Uso wa maji hauhitaji pimamaji. Mambo matatu ya kuangalia: upepo ukipuliza picha inavunjika, kwa hiyo subiri utulivu, tandaza uzi juu ya beseni uwe msalaba wako, ukaribie maji kadiri uwezavyo, na kumbuka uso wa maji uko juu ya ardhi. Maji yakiwa sentimita 12 juu ya ardhi, punguza 12 kwenye kimo cha jicho kabla ya kuhesabu, kisha ziongeze 12 kwenye jibu la mwisho.

Swali: Mlingoti umezungushiwa uzio, sifiki shinani. Nikadirie tu?

Jibu: Usikadirie, ndugu. Pima mara mbili. Weka kioo mahali pa kwanza, tafuta ncha, pima umbali wako kutoka kioo. Kisha rudisha kioo nyuma kwenye mstari uleule, tuseme mita 3.00, utafute ncha tena na upime tena. Zidisha kimo cha jicho kwa zile mita 3.00, gawanya kwa tofauti ya vipimo vyako viwili.

Kwa mlingoti wangu: mara ya kwanza 1.44, mara ya pili 1.92, tofauti 0.48. Mara 1.52 kwa 3.00 ni 4.56, gawanya kwa 0.48, unarudi palepale 9.50. Ila angalia, tofauti ni ndogo, kwa hiyo kosa linakua haraka. Ukikosea sentimita 5 ukapata 0.53, jibu linaanguka hadi 8.60. Rudisha kioo mbali kadiri nafasi inavyoruhusu ili tofauti iwe kubwa.

Swali: Ardhi yetu ina mteremko. Nifanyeje?

Jibu: Hesabu inakupa urefu kuanzia usawa wa kioo. Shina likiwa chini ya usawa huo kwa sentimita 30, ongeza 30. Likiwa juu, punguza. Kimo cha jicho nacho kihesabiwe kuanzia usawa wa kioo, si kuanzia miguuni pako, na umbali upimwe tepu ikiwa imenyooka mlalo, isiufuate mteremko. Usawa unaupata kwa mpira wa maji wa waashi.

Mchango: Mimi hutumia uzi wenye nati. Nikishaiona ncha, naushika uzi kwenye kona ya jicho na kuuteremsha hadi nati iguse ardhi. Nati inaonyesha pa kupimia, na urefu wa uzi ni kimo cha jicho wakati uleule. Hata kama nimeinama, haidhuru.

Jibu: Hii ni nzuri kuliko hatua yangu ya 2. Nimeichukua. Ila asiyeinama asijifunze kuinama kwa sababu ya uzi.

Swali: Nataka kukata kamba ya bendera. Nizidishe urefu mara mbili?

Jibu: Hapana. Kamba haiendi hadi nchani wala hadi chini. Lenga kapi kwenye kioo, si ncha. Kapi likiwa mita 9.40 na kulabu ya kufungia ikiwa mita 1.20, kati yake kuna 8.20. Mara mbili ni 16.40. Ongeza mita moja na nusu ya kufungia na ya mafundo.

Swali: Nimefuata kila kitu, napata 11.2 halafu 9.8. Ipi sahihi?

Jibu: Pimamaji ilisomaje?

Swali: Sina pimamaji.

Jibu: Jaza beseni maji, urudie.