Taito ya swali inayoingia kwenye kisanduku cha jibu cha Google: twende na mfano wa meno ya mtoto

Kile kisanduku kinachotokea juu kabisa ukiuliza kitu Google, chenye jibu fupi alafu chini yake jina la makala na linki, ndo tunakitafuta leo. Nitatumia makala moja ya mteja wangu mwenye blogu ya malezi, manake ilikuwa na makosa karibu yote. Taito yake, yaani jina linaloonekana kwenye matokeo ya Google, ilikuwa hivi: "Fahamu Kila Kitu Kuhusu Ukuaji wa Meno ya Mtoto Mchanga na Dalili Zake", alafu mwishoni jina la blogu. Makala yenyewe nzuri tu, ila hakuna mtu anayekaa na simu saa nane usiku mtoto analia akaandika "fahamu kila kitu".

Hatua ya 1: Tafuta swali kama watu wanavyoliandika

Fungua brauza kwenye hali fiche ili historia yako isikudanganye, andika "mtoto anaota" alafu usibonyeze chochote, soma yale mapendekezo yanayoshuka. Kisha tafuta kabisa, ushuke uone yale maswali mengine ambayo Google inaonyesha kwamba watu huuliza. Yaandike kama yalivyo, usiyasafishe Kiswahili.

Kama blogu ina muda, Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mwenye blogu maneno ambayo watu walitafuta, ni bora zaidi manake yale ni maneno ya watu waliokuona wewe. Ingia kwenye ripoti ya Performance, weka filta ya Query, chagua ile ya regex, yaani ya kutafuta kwa mpangilio wa herufi, bandika hii:

```
\blini\b|ngapi|\bgani\b|\bnini\b|jinsi ya|kwa ?nini
```

Hizo `\b` usizitoe, zinaonyesha neno linapoanzia na linapoishia. Mara ya kwanza niliandika `lini` peke yake nikaletewa msururu wa watu wanaotafuta kliniki, kumbe ndani ya "kliniki" kuna "lini". "ngapi" nimeiacha wazi makusudi ili inase mingapi, wangapi, ngapi zote. Na "je" sijaiweka kabisa kwa sababu wanaoitafutia ni wachache mno.

Kwenye orodha itakayokuja, angalia kwanza maswali ambayo wastani wa nafasi yako ni kati ya 1 na 10. Kisanduku kwa kawaida kinachukua ukurasa ambao tayari uko ukurasa wa kwanza, kwa hiyo kama uko nafasi ya 40 taito peke yake haitakuokoa.

Hatua ya 2: Ondoa utata wa neno

Hii ni ya Kiswahili hasa na miongozo ya Kiingereza haitakuambia. "Kuota meno" ni mtoto kutoa meno, lakini pia ni mtu kulala akaota ndoto ya meno, na wanaotafuta maana ya kuota meno yanang'oka ni wengi balaa. Taito ikianza na "Kuota meno" unajichanganya na watabiri wa ndoto. Ndo maana neno "mtoto" lazima likae mbele kabisa. Kabla hujaandika taito, tafuta neno lako kuu peke yake uone majirani zako ni nani, ukikuta watu wa mada nyingine kabisa basi ongeza neno linalowatenganisha, na liwe mwanzoni.

Hatua ya 3: Andika taito, ulinde neno la kuuliza

Kwenye Kiswahili neno la kuuliza mara nyingi linakaa mwishoni: lini, gani, mingapi. Google nayo inakata taito ndefu kutokea mwishoni. Sasa ona kinachotokea, taito yako ya swali ikikatwa inabaki "Mtoto anaota meno akiwa na..." na swali lenyewe limeliwa, msomaji hajui kama unajibu miezi mingapi au unaongelea homa.

Nafasi iliyopo kwenye kompyuta ni kama pikseli 600, ambayo kwa kawaida ni herufi 50 hadi 60. Inahesabiwa kwa upana sio idadi, na Kiswahili kimejaa m na w ambazo ni pana, ukiongeza Herufi Kubwa Kila Neno unapanua zaidi. Mimi nalenga 55 na naandika herufi kubwa mwanzo tu.

Tulifika hapa:

"Mtoto anaota meno akiwa na miezi mingapi? Dalili zake?"

Ni herufi 54. Swali kuu linaisha kwenye herufi ya 41, kwa hiyo hata mkia ukikatwa hakuna hasara. "Je," tumeitupa, inakula nafasi bure. Ule mkia "Dalili zake?" una kazi yake: kisanduku kikishatoa jibu la miezi, mtu anaweza akaridhika akaondoka bila kukliki, sasa taito inayoonekana pale chini inamwonyesha kuna kingine ndani ambacho hajakipata. Ila mkia uwe mmoja tu, ukiweka matatu inakuwa kama tangazo la mganga.

Hatua ya 4: Taito, kichwa cha ukurasa na jibu visigombane

Tangu Agosti 2021 Google inaandika upya taito kwa kutegemea zaidi kichwa kinachoonekana kwenye ukurasa. Ukiwa na taito ya swali huku kichwa kikibaki kile cha "Fahamu kila kitu", usishangae ukakuta kile cha zamani ndo kimeonyeshwa. Viweke hivi:

```html
<title>Mtoto anaota meno akiwa na miezi mingapi? Dalili zake?</title>
<h1>Mtoto anaota meno akiwa na miezi mingapi?</h1>
```

Alafu aya ya kwanza chini ya kichwa ndo jibu lenyewe, sio salamu, sio "wazazi wengi hujiuliza":

"Watoto wengi huota jino la kwanza wakiwa na miezi 6 hivi. Wengine huanza mapema, miezi 4, na wengine huchelewa hadi miezi 12, na yote hayo ni kawaida. Meno mawili ya mbele ya chini ndiyo hutangulia mara nyingi."

Maneno 37. Ukikaa kati ya 35 na 50 uko salama. Umbo nalo lifuate swali: la "mingapi" au "lini" linataka aya, la "jinsi ya" linataka orodha yenye namba. Kabla ya kuandika angalia kisanduku kilichopo sasa kina umbo gani ufuate hilo.

Hatua ya 5: Subiri, alafu kagua

Usibadilishe anwani ya ukurasa, badilisha maneno tu, alafu kwenye Search Console omba ukurasa usomwe upya. Search Console haikuambii "umeingia kwenye kisanduku", inabidi utafute mwenyewe kwa hali fiche. Tangu Januari 2020 ukurasa ulio kwenye kisanduku haurudiwi tena chini kwenye ukurasa huo wa matokeo, kwa hiyo usipojiona kwenye orodha ya kawaida usiingiwe na presha, angalia juu kwanza.

Kama kila kitu kiko sawa na bado kisanduku hakiji, fungua kodi ya ukurasa utafute hii:

```html
<meta name="robots" content="nosnippet">
```

Ikiwepo, umeikataza Google isionyeshe maandishi yako, na kisanduku hukipati hata uandike taito ya dhahabu. Yule mteja wangu alikuwa nayo, iliwekwa na aliyemtengenezea blogu, na mimi nilikuja kuiona baada ya kubadilisha taito mara tatu.