Zuia alama na tarehe zisizofaa kwenye Excel

Kwenye jedwali la alama za mtihani, teua seli za alama, fungua Data kisha Data Validation. Kwenye Allow chagua Whole number, kwenye Data chagua between, andika 0 na 100. Sasa 67.5 na 105 zote zitakataliwa.

Ujumbe wa awali uko kwenye Input Message, nao hutokea mtu akibofya seli. Uwe mfupi: "Andika alama kamili, 0 hadi 100. Asiyefanya mtihani, acha wazi." Kwenye Error Alert, acha Style ikiwa Stop, maana Warning humruhusu mtu kubonyeza Yes na kosa likaingia. Maneno ya onyo yaeleze la kufanya: "Alama haina desimali wala haizidi 100. Bonyeza Retry urekebishe."

Safu ya tarehe ya mtihani hutumia Date, kwa mfano 1/1/2025 hadi 31/12/2025. Hapa ndipo penye mtego. Kompyuta iliyowekwa kuanza na mwezi itakataa 15/3/2025, kwa kuwa hakuna mwezi wa 15, lakini 5/3/2025 itaipokea kimyakimya kama tarehe 3 Mei. Kwa hiyo ujumbe wa awali udai mwezi kwa herufi: 5-Mar-2025.

Stop hukagua kinachochapwa tu. Data iliyobandikwa hupita, na mara nyingi hufuta kanuni yenyewe, hivyo bandika kwa Paste Values, kisha tumia Circle Invalid Data kuzungushia makosa duara jekundu.