Laurea magistrale Italia: jinsi ya kusoma ukurasa wa kozi kabla ya kuomba udahili

Watu wengi walioko Ughaibuni wanaofikiria kusoma Italia hufungua ukurasa wa kozi, wakaruka moja kwa moja hadi kwenye ada na tarehe za maombi. Ada za vyuo vya serikali kule huwa nafuu, kwa hiyo haraka hiyo inaeleweka. Lakini maombi mengi ya uzamili hukwamia juu kidogo ya hapo, kwenye kipande kinachoitwa *requisiti curriculari*, yaani masharti ya masomo uliyosoma awali, na kipande hicho hakisomeki mpaka ujue maneno mawili matatu yanayokizunguka.

Anza na aina ya kozi. *Laurea*, ambayo wenyewe huiita pia *triennale*, ni shahada ya kwanza ya miaka 3. *Laurea magistrale* ni shahada ya uzamili ya miaka 2, na mwenye nayo anaweza kuomba *dottorato*, yaani uzamivu. Ukiona *laurea magistrale a ciclo unico*, hiyo huanza mara tu baada ya sekondari na kuunganisha yote mawili: sheria na famasia ni miaka 5, udaktari wa binadamu miaka 6. Mwenye shahada ya kwanza hahitaji kuhangaika nayo, labda awe anataka kuanza upya.

Kisha kuna kitu kinaitwa *Master universitario di primo livello*, na hapa watu hupoteza pesa. Kurasa za Kiingereza za vyuo hivyo hivyo huita laurea magistrale "masta", kwa hiyo ukikutana na neno *Master* kwa Kiitaliano unadhani ni kitu kile kile. Sicho. Hiyo ni kozi ya kitaaluma, kwa kawaida ya mwaka 1, mara nyingi ina ada kubwa kuliko uzamili wenyewe, na cheti chake hakikupi njia ya kwenda dottorato. Kwa anayetaka ujuzi wa kazi inaweza kumfaa sana. Kwa anayetaka kurudi nyumbani kufundisha chuo kikuu, ni kupotea njia.

Sasa krediti. *Crediti formativi universitari*, kwa kifupi CFU, hupima kazi yote ya mwanafunzi: 1 CFU ni saa 25, kuanzia kukaa darasani mpaka kujisomea na kujiandaa kwa mtihani. Mwaka mzima ni CFU 60, hivyo laurea ina 180 na laurea magistrale 120. Krediti hizi ni sawasawa na ECTS za nchi nyingine za Ulaya. Somo la CFU 9 linadai saa 225, lakini za darasani huenda zikawa 60 hivi au 70 na ushei, kutegemea chuo. Nyingine zote ni juu yako. Unayepanga kufanya kazi za jioni uipige hesabu hiyo mapema.

Turudi kwenye requisiti curriculari. Chuo cha Italia hakiridhiki kusikia kwamba una shahada ya kompyuta. Kinauliza una CFU ngapi katika maeneo gani ya masomo. Kila eneo lina alama yake, inayoitwa *settore scientifico-disciplinare* au SSD: INF/01 ni sayansi ya kompyuta, ING-INF/05 ni mifumo ya kompyuta kwa upande wa uhandisi, MAT/05 ni kalkulasi na ndugu zake, SECS-S/01 ni takwimu. Tangu 2024 alama hizi zilibadilishwa, kwa mfano INF/01 ikawa INFO-01/A, kwa hiyo usishtuke ukikuta kurasa mbili za chuo kimoja zikitumia maandishi tofauti kwa eneo lile lile.

Tuchukue mfano. Dada mmoja Mtanzania anafanya kazi Doha. Alisoma shahada ya kompyuta nyumbani, miaka 3, krediti 360 kwa mfumo wa TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania. Anataka laurea magistrale ya *Informatica*, iliyo kwenye kundi la LM-18. Ukurasa unasema: angalau CFU 48 katika INF/01 au ING-INF/05, na angalau CFU 12 katika maeneo yote ya MAT.

Kwenye kompyuta hana shida, masomo yake yanapita 48 kwa mbali. Hesabu ndiyo inayotaka umakini. Kwenye transkripti ana kalkulasi krediti 8, aljebra krediti 8, takwimu krediti 8, jumla 24. Mwaka mmoja wa Tanzania ni krediti 120 na wa Italia ni CFU 60, kwa hiyo ukigawanya kwa 2 anapata 12 kamili. Amepita, bila hata moja ya akiba.

Lakini krediti ya TCU ni saa 10 za kazi. Mkaguzi akiamua kulinganisha saa kwa saa, krediti 24 ni saa 240, na 240 ukigawanya kwa 25 unapata 9.6. Hapo amepungukiwa. Zaidi ya hapo, mkaguzi anaweza kusema lile somo la takwimu ni SECS-S/01, si MAT. Likiondolewa, hata kwa hesabu ile ya kwanza, iliyo rahisi zaidi, anabaki na CFU 8.

Kinachoamua ni maudhui ya somo. Jina lililoandikwa kwenye transkripti halitoshi. Takwimu iliyofundishwa kwa nadharia ya uwezekano na uthibitisho wake inaweza kuhesabiwa MAT/06. Ile ya kuchora majedwali na kutumia programu ya kompyuta haitafika huko. Kwa hiyo dada huyu aombe idara yake ya zamani maelezo ya kila somo: mada, saa za darasani, vitabu. Kupata karatasi hizo ukiwa mbali huchukua muda, na mara nyingi inabidi umtume ndugu akafuatilie ofisini kwa miguu yake.

Usitegemee kwamba pengo litazibwa ukishaingia. Kwenye laurea ya kwanza, mwenye upungufu hupewa *OFA*, masomo ya ziada anayoyamaliza ndani ya mwaka wa 1. Kwenye laurea magistrale, upungufu wa krediti hutakiwa uzibwe kabla ya kusajiliwa, na njia ya kawaida ni *corsi singoli*: unalipia somo moja moja, unafanya mtihani wake, unapata CFU zake. Aliyeko tayari Italia kwa kibali halali anaweza kuifuata njia hii bila tabu kubwa. Kwa aliyeko Doha ni heri atafute kozi nyingine yenye masharti mepesi zaidi, kwa sababu LM-18 ni kundi tu. Kila chuo ndani yake hujiwekea idadi yake ya CFU.

Hata ukitimiza krediti, bado kuna *verifica della preparazione personale*, ambayo ni mtihani, mahojiano au upimaji wa alama zako. Utaratibu wake uko kwenye *bando*, tangazo rasmi la udahili la mwaka husika. Bando na ukurasa wa kozi vikipingana, shika la bando.

Kabla ya kujaza maombi ya awali kwenye Universitaly, tovuti wanayopitia wasio raia wa Umoja wa Ulaya wanaoishi nje ya Italia, mwandikie mratibu wa kozi. Mwekee jedwali dogo: jina la somo, krediti zako, SSD unayodhani inalifaa, na CFU kwa hesabu zote mbili. Kisha muulize swali moja tu, kama somo la takwimu litahesabiwa MAT. Jibu lake litunze, uliambatanishe na maombi.