Safisha maandishi kabla ya kufuta akaunti

Ukifuta akaunti ya Reddit, jina lako linageuka [deleted], lakini ulichoandika kinabaki vilevile. Jirani yangu hapa Nzuguni aliwahi kuuliza bei ya mashine ya kukamua alizeti, akaweka namba ya simu na kueleza kuwa nyumba yake ina geti la bluu nyuma ya Soko la Ndugai. Akafuta akaunti akidhani yameisha. Watu bado wanampigia! Na hawezi tena kuhariri, kwa sababu aliyekuwa na ruhusa hiyo ni akaunti iliyokwishafutwa.

Kwa hiyo anza na maandishi: fungua wasifu wako, ondoa namba, mtaa na majina, kisha ndipo ufute akaunti. Waliokunukuu kwenye majibu yao, waombe mapema waondoe nukuu hizo. Ya kwao huwezi kuyagusa.