Jinsi ya Kutoa Saruji na Nondo kwa Kipimo cha Kazi Iliyokamilika: Mfano wa Nguzo 12

Katika kazi nyingi za ujenzi, mtunza stoo hutoa saruji kwa sababu fundi ameiomba, na kumbukumbu inayobaki ni sahihi ya aliyeipokea. Sahihi hiyo huonyesha nani alichukua mifuko mingapi, lakini haionyeshi mifuko hiyo imejenga nini. Katika utaratibu ninaoueleza hapa, mzigo wa pili hautoki stoo mpaka kazi iliyofanywa kwa mzigo wa kwanza ipimwe na kulinganishwa na kilichochukuliwa. Nitatumia mfano wa nguzo 12 zenye upana wa sentimita 30 kwa 30, ambazo zege lake litamwagwa kwa awamu tatu, nguzo nne kwa kila awamu.

Hatua ya 1: Andaa kiwango cha kila nguzo kabla kazi haijaanza

Kwa nondo, andika orodha ya kukatia kutoka kwenye mchoro. Tuseme kila nguzo ina nondo nne za milimita 16, na kila kipande kinahitaji urefu wa mita 3.7, yaani mita 3 za kimo cha ghorofa pamoja na mita 0.7 za kupishana na nondo za ghorofa inayofuata. Nondo ya mita 12 hutoa vipande vitatu na kubakiza kipande cha mita 0.9. Nguzo 12 zinahitaji vipande 48, kwa hiyo nondo 16 zinatosha bila hata moja kuzidi. Ringi nazo huandikiwa orodha yake kwa njia hiyohiyo.

Kwa saruji, zege la mchanganyiko wa 1:2:4 hutumia takriban mifuko 6.4 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, upotevu mdogo wa kawaida ukiwa umehesabiwa humo. Usiitegemee namba hii kwa upofu, kwa kuwa mchanga wenye unyevu hufura na kokoto hutofautiana. Siku ya kwanza, simamia mwenyewe michanganyiko michache iliyopimwa kwa boksi la kupimia, uimwage mahali ambapo ujazo wake unaujua, kisha utumie kiwango ulichokipata hapo.

Hatua ya 2: Toa nondo kwa awamu, na zipimwe kabla zege halijazifunika

Nondo ikishamezwa na zege hakuna tena wa kuihesabu, ndiyo maana ukaguzi wake hufanyika baada ya fundi nondo kumaliza kufunga na kabla ya boksi la mbao kufungwa pande zote. Awamu ya kwanza inahitaji vipande 16. Nondo tano hutoa 15 tu, kwa hiyo stoo inatoa nondo sita, ambazo zitatoa vipande 18. Msimamizi akienda kukagua anapaswa kuona vipande 16 vimesimama kwenye nguzo, viwili vimehifadhiwa, na mabaki sita ya mita 0.9 yamerudishwa stoo.

Mabaki hayo ndiyo ushahidi wako. Endapo fundi ataleta mabaki manne tu na kudai kwamba mengine yamepotea, mwombe akuonyeshe vipande 18 kimoja kimoja, kwa kuwa nondo ambayo haikukatwa haina mabaki. Awamu ya pili atapewa nondo tano, kwa sababu vipande 15 vipya na viwili vilivyohifadhiwa vinatosha na kimoja kitabaki. Awamu ya tatu nayo ni tano, na hesabu itafungwa kwenye 16. Akiomba sita katika awamu ya pili kwa kuwa ndizo alizopewa mara ya kwanza, jibu lake liko kwenye orodha, wala hakuna haja ya mabishano.

Mzigo wa nondo unapopokelewa, pima pia uzito wa nondo chache. Nondo nyembamba kuliko inavyodaiwa itaharibu ulinganisho wa kilo ulizonunua na mita ulizopokea, achilia mbali usalama wa jengo. Kanuni yake ni hii:

```
kilo kwa mita = (kipenyo kwa mm × kipenyo kwa mm) ÷ 162
```

Kwa milimita 16 jibu ni kilo 1.58, kwa hiyo nondo ya mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 19.

Hatua ya 3: Toa saruji, kisha upime zege baada ya mbao kuondolewa

Zege la nguzo linaishia chini ya boriti. Boriti ikiwa na kina cha mita 0.4, kimo cha zege ni mita 2.6 na si 3, na hapa ndipo makadirio mengi hukosewa. Nguzo moja ina mita za ujazo 0.234, nguzo nne zina 0.936, na saruji inayostahili ni mifuko sita. Mimi hutoa mifuko sita, na wa saba humkabidhi msimamizi kwa sahihi yake kama akiba, kwa sababu kusimamisha umwagaji katikati ya nguzo ili kusubiri mfuko mmoja huacha kiungo dhaifu ambacho ni hasara kubwa kuliko mfuko huo. Mifuko mitupu irudishwe na kuhesabiwa, ingawa mfuko mtupu huthibitisha tu kwamba ulifunguliwa, si kwamba saruji yake ilifika kwenye nguzo.

Mbao zikishaondolewa, pima kimo na upana wa kila nguzo kwa tepu. Upana upimwe chini, katikati na juu. Kwenye kazi moja niliyoisimamia, akiba ililiwa katika kila awamu, nami nikaanza kumshuku mtunza stoo. Tepu ilionyesha jambo jingine: mbao zilikuwa zimefungwa kwa vibano vichache, na nguzo zilikuwa zimevimba kufikia wastani wa sentimita 32 kwa 32. Ongezeko hilo dogo kwa macho huongeza zege kwa takriban asilimia 14, na mifuko sita inakuwa karibu saba. Dawa ilikuwa kuongeza vibano, na mtunza stoo nilimwomba radhi.

Ikiwa nguzo zina vipimo sahihi na mfuko wa saba haupo, maelezo yaliyobaki ni machache: zege lilimwagika au lilibaki kwenye karai, mchanganyiko ulitengenezwa kwa saruji nyingi kuliko ilivyoagizwa, au mfuko ulitoka nje ya eneo la kazi.

Hatua ya 4: Soma tofauti ya pande zote mbili

Kwenye leja, mbele ya kila awamu, andika kilichotolewa, vipimo vya kazi, kiasi kilichostahili, kilichorudishwa na tofauti. Wengi hushtuka tofauti inapoonyesha upungufu stoo, na hufurahi inapoonyesha akiba. Mimi huogopa zaidi hiyo ya pili. Ikiwa nguzo nne zenye vipimo sahihi zimetumia mifuko mitano badala ya sita, zege hilo limepata takriban mifuko 5.3 kwa mita ya ujazo, na fundi anayesifiwa kwa kubana matumizi huenda ametuachia nguzo dhaifu. Hapo hakuna awamu inayofuata mpaka boksi la kupimia likaguliwe na sampuli za zege zipelekwe kupimwa nguvu.

Plasta haidhibitiki kwa ukali huu, kwa kuwa unene wake hutegemea unyoofu wa ukuta. Kwa kazi hiyo, piga plasta kwenye ukuta mmoja uliopimwa mita za mraba, hesabu mifuko iliyotumika, kisha utumie kiwango hicho kwa kuta zilizojengwa na fundi yuleyule.